Ilani ya Mwisho Kabla ya Kwenda Mahakamani: Deni la Shilingi 581,600

Karakana ya Vitanda vya Chuma,
Kibuye, Kisumu.
3 Novemba 2025

Kwa Mkurugenzi,
Shule ya Bweni,
Kakamega.
(Kwa mkono wa tarishi na kwa posta ya rejista)

Bwana Mkurugenzi,

MINTARAFU: ANKARA NAMBARI 0117 YA TAREHE 6 JANUARI 2025

Hii ni barua yangu ya nne kuhusu ankara hii, na ndiyo ya mwisho. Inayofuata utaipokea kutoka mahakamani.

Mnamo Novemba 2024 uliniletea LPO ya vitanda 80 vya dabo deka, shilingi 9,500 kila kimoja. Jumla ni 760,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 16 inafika 881,600. Tarehe 15 mwezi huo ulitoa amana ya 200,000. Ulisisitiza vitanda vifike kabla wanafunzi hawajafungua, nasi mafundi tukachomelea hadi usiku wakati wa Krismasi. Ijumaa tarehe 3 Januari lori lilipanda barabara ya Kiboswa mara mbili. Metroni wako alihesabu vitanda vyote 80, akatia sahihi na kupiga muhuri wa shule.

Ankara ilikupa siku 30, yaani hadi tarehe 5 Februari 2025. Tangu siku hiyo nimepokea malipo mamoja tu: 100,000 mnamo tarehe 14 Mei. Salio ni shilingi 581,600, na leo limechelewa kwa siku 271.

Muhula wa kwanza uliniambia nisubiri wazazi walipe karo. Muhula wa pili ukarudia hayo hayo. Wa tatu nao umefungwa. Mimi sikupewa nafasi ya kusubiri hivyo: VAT ya ankara hii, shilingi 121,600, niliipeleka KRA kabla ya tarehe 20 Februari, kwa pesa nilizokuwa nimeweka za mabomba na rangi. Yaani nimekulipia kodi ya vitanda ambavyo hujanilipa.

Mwezi Agosti, baada ya barua yangu ya tatu, ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba vitanda vina kasoro. Sikubishana nawe. Nilimtuma fundi tarehe 22 Agosti, akakagua mabweni yote mawili na kukuta ngazi tatu zimelegea. Alizichomelea papo hapo bila malipo, na metroni akaandika kwa mkono wake kwamba kazi imekamilika na hakuna lalamiko lingine. Karatasi hiyo ninayo. Kwa hiyo suala la kasoro naomba lisirudi tena mezani kama sababu ya kutolipa.

Kuna walionishauri nije na lori nibebe vitanda vyangu. Sitafanya hivyo. Sheria hainiruhusu kujichukulia, na watahiniwa wako wa KCSE wanavilalia. Sina ugomvi na watoto.

Ninachodai ni hiki: shilingi 581,600 ziwe zimeingia kwenye akaunti iliyochapishwa chini ya ankara kufikia saa kumi jioni, Jumatatu tarehe 17 Novemba 2025. Akaunti haijabadilika; mtu akikutumia nyingine kwa jina langu, usimlipe. Ukilipa zote kufikia siku hiyo, sitadai riba hata senti.

Kama huwezi zote kwa pamoja, nusu yake, yaani 290,800, iingie kufikia tarehe hiyo hiyo, na nusu ya pili kufikia tarehe 17 Desemba. Makubaliano hayo nitayatambua yakiwa tu kwa maandishi, yana sahihi yako, na nusu ya kwanza imeshafika. Ahadi za simu sizipokei tena.

Usipofanya lolote kati ya hayo, Jumanne tarehe 18 Novemba nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Kisumu. Deni hili liko chini ya shilingi milioni moja, kwa hiyo mahakama hiyo ina uwezo wa kulisikiliza, na sheria iliyoiunda inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe. Naweza kusimama mwenyewe bila wakili. Nitaomba salio lote, riba, na gharama za kesi. Nikishinda na usilipe, nitaomba amri ya utekelezaji, na hapo utakayezungumza naye ni dalali wa mahakama.

Nimeambatisha nakala za LPO, ankara, karatasi ya kupokelea mzigo, taarifa ya benki inayoonyesha malipo yako mawili, karatasi ya ukarabati ya tarehe 22 Agosti na barua zangu tatu za awali. Ndizo hizo hizo nitakazowasilisha mahakamani, pamoja na hii.

Kama una risiti ya malipo ambayo sijaihesabu, ilete kabla ya tarehe 17 nami nitaipunguza siku hiyo hiyo.

Wako mwaminifu,

(Sahihi na muhuri)
Mwenye karakana