Aliyesikia Simba, Akaona Mwana-Kondoo
Somo la darasa la watu wazima: kusoma unabii na maono

Masomo ya leo: Ufunuo 1:1–4 na 5:1–10, Isaya 13:1–19, Yona 3. Kila mmoja afungue Biblia yake mwenyewe. Leo hakuna chati ubaoni.

Wapendwa, juma lililopita nilipotaja kwamba tunaingia Ufunuo, nyuso kadhaa zilibadilika. Mmoja wenu aliniambia mlangoni, "Mwalimu, kitabu hicho nilishakifunga." Namwelewa. Nilipokuwa kijana, mhubiri mmoja alitubandikia ukutani karatasi ndefu ya hesabu, na mwisho wake kulikuwa na tarehe. Tarehe ikafika, ikapita. Mzee aliyekuwa akikaa kiti cha nyuma, mtu wa sala kuliko sisi sote, hakuonekana tena ibadani. Hakuna aliyemfuata kumwomba radhi, na mimi nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Hayo hayakuanza kwetu. Maelfu waliomfuata William Miller huko Marekani walimngoja Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, na kesho yake wakaamka wakilia.

Kwa hiyo hofu yenu ina haki. Ninachowaomba leo ni kimoja: msimwachie mpiga ramli kitabu ambacho Yohana aliwaandikia watu waliokuwa wakiteswa. Someni Ufunuo 1:3 kwa sauti: "Heri asomaye na wao wayasikiao maneno ya unabii huu, na kuyashika yaliyoandikwa humo." Neno ni kuyashika. Mtu hushika agizo, hushika ahadi. Kukisia hakumo.

Mstari wa 4 unataja wapokeaji: makanisa saba yaliyo Asia, kuanzia Efeso hadi Laodikia. Kitabu hiki ni barua pia, na barua humfaa kwanza aliyeandikiwa. Ndiyo maana katika darasa hili kila tafsiri tutaipitisha mbele ya ndugu wa Smirna, yule anayeambiwa katika 2:10 kwamba baadhi yao watatupwa gerezani, au wa Pergamo, ambako Antipa ameshauawa (2:13). Je, angeelewa nini? Tukimpa maana ambayo asingeweza hata kuiwaza, inayohitaji gazeti la juzi ili ieleweke, basi tumesoma barua ya mwenzetu kana kwamba yeye hayupo chumbani.

Sasa tulieni kwenye sura ya 5, maana hapa Yohana mwenyewe anatufundisha kusoma. Kuna kitabu chenye mihuri saba, na hapana awezaye kukifungua. Yohana analia sana. Mmoja wa wazee anamwambia, "Usilie," kisha anamtangazia Simba wa kabila ya Yuda, aliyeshinda. Hayo ameyasikia. Halafu anatazama. Simba yuko wapi? Mstari wa 6 unasema amesimama Mwana-Kondoo, "kana kwamba amechinjwa". Ngojeni kidogo kabla ya kusonga mbele. Sikio limepewa simba, jicho limepewa mnyama wa sadaka mwenye jeraha, naye ni mmoja yuleyule. Ushindi ulioahidiwa umekuja, lakini umekuja kwa njia ya kuchinjwa. Ndugu wa Pergamo aliyemzika Antipa hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Tazameni pia pembe saba na macho saba. Sijawahi kukutana na mtu anayedhani kwamba Yesu ana macho saba usoni, hata yule anayesisitiza kila kitu kichukuliwe neno kwa neno. Tunajua bila kufundishwa kwamba pembe ni nguvu na saba ni utimilifu. Tena mstari wenyewe unafasiri macho: ni Roho saba za Mungu zilizotumwa katika dunia yote, na nyuma yake yuko Zekaria 4:10. Hii ndiyo njia. Kwanza, je, andiko lenyewe limejieleza? Mara nyingi limejieleza: vinara saba ni makanisa (1:20), yule mwanamke wa sura ya 17 ni mji ule mkubwa (17:18), kondoo dume wa Danieli 8 ni wafalme wa Umedi na Uajemi (8:20). Lisipojieleza, tunarudi kwa manabii wa kale, kwa sababu Yohana anachota kwao karibu kila mstari. Mnyama wa Ufunuo 13 ana mwili wa chui, miguu ya dubu, kinywa cha simba. Wasomaji wa Danieli 7 wanawajua wanyama hao tangu zamani.

Swali la kuzungumza wawili wawili, dakika tano: Isaya 13:10 inasema nyota, jua na mwezi havitaangaza. Mstari wa 1 na wa 17 zinasema neno hili ni juu ya nani?

Mmeona: Babeli, na Wamedi wanatajwa kwa jina. Babeli ulitekwa mwaka 539 kabla ya Kristo, na kesho yake jua lilichomoza. Nabii hakudanganya. Tukisema mtu amekiona cha mtema kuni, hakuna anayeuliza shoka liko wapi. Isaya anasema utawala uliojiona wa milele umezimiwa taa. Wapo waumini wema wanaoona humo pia kivuli cha siku ya mwisho, nami siwapingi. Ila tuanze na Babeli.

Kuhusu 666 nitasema machache, maana najua mtaniuliza. Herufi za Kiebrania zilitumika pia kama tarakimu, na jina la Kaisari Nero, kwa umbo la Neron, likiandikwa kwa herufi hizo linaweza kutoa 666. Likiandikwa bila herufi ya mwisho ya Neron linatoa 616, na kuna nakala za kale zenye 616. Wataalamu wengi wanaona hapo ndipo pa kuanzia. Irenayo, askofu wa karne ya 2, alizijua namba zote mbili, akaonya watu wasikimbilie kutaja jina la mtu. Onyo hilo lina umri wa miaka zaidi ya 1,800.

Yona 3 nimeiweka kwa ajili ya wanaodhani unabii ni ratiba. "Baada ya siku arobaini Ninawi utaangamizwa." Siku zikaisha, mji ukasimama. Je, Yona alikuwa nabii wa uongo? Linganisheni na Yeremia 18:7–8: Mungu akinena juu ya taifa kuling'oa, nalo likageuka, yeye hughairi. Neno lilitumwa ili watu wageuke, nao waligeuka. Aliyekuwa ameketi nje ya mji akihesabu siku ndiye peke yake aliyekasirika.

Mtaniuliza, Mwalimu, unaamini Kristo atarudi? Naamini kwa moyo wote, na kila ninapozika mtu nashikilia hilo. Siku hiyo, kwa Marko 13:32, hata malaika hawaijui. Mimi ni nani?

Kazi ya nyumbani: someni Danieli 8 yote, polepole. Pigieni mstari kwa penseli kila mahali ambapo maono yanafasiriwa ndani ya sura yenyewe, na mzungushie duara palipobaki bila kufasiriwa. Msijaze maduara. Mkifika mstari wa 27, angalieni Danieli anaugua siku kadhaa, kisha anainuka na kutenda kazi ya mfalme, huku maono yakiwa bado hayajafahamika. Juma lijalo tutaanzia hapo, na ndugu aliyekifunga kitabu namwomba atusomee.