Tubadilishane madaftari

Mtwara, Jumatano, 15 Oktoba

Shoga yangu Somoe,

Nakuandikia kikaratasi kwa sababu siku hizi darasani huongeleki. Kila nikigeuka umeinamia daftari, na mwalimu wa zamu ameshanifokea mara mbili kwa kunong'ona. Jambo lenyewe ni hili: nataka tubadilishane majibu ya marudio. Wewe usahihishe ya kwangu, mimi ya kwako, kabla Novemba haijatufika.

Juzi usiku nilijisahihisha mwenyewe Historia, nikajipa maksi nyingi hadi nikajishangaa. Asubuhi kaka akalifungua daftari, akacheka. Nilikuwa nimeandika Vita vya Maji Maji vilianzia Songea, na pembeni nimejipigia vema kubwa. Mtoto wa kusini! Vilianzia Umatumbi, hapo Kilwa tu, Julai 1905. Songea vilifika baadaye. Tena Kinjeketile nimemwacha anaongoza mpaka 1907, wakati Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinawaka. Ukurasa huo niliusoma mara tatu sikuona kitu. Nyani haoni kundule, na nyani mwenyewe ndiye mimi.

Kwenye mradi wa karanga wa Nachingwea nako sijiamini. Sababu za kushindwa nimeandika ukame, basi. Nakumbuka wewe ulimjibu mwalimu habari ya udongo mgumu na mashine zilizokuwa zikiharibika, na kwamba Waingereza waliuanza mwaka 1947 bila kuyajua vizuri mazingira. Pale naomba unibane kwelikweli. Nitaona aibu mtihani ukiniuliza karanga nami nakaa karibu na bandari iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizohizo.

Sasa na wewe, usininunie. Hisabati kichwa unacho, alama ndizo zinakuponza. Kwenye jaribio la mwisho ulikuwa na −3(x − 4), ukaandika −3x − 12. Ni −3x + 12. Njia yako yote kutoka hapo ilikuwa safi, ila jibu limeshapotea mlangoni. Nipe maswali yako yote ya aljebra, nitatembea na alama moja moja kama mtu anayechambua mchele.

Kiswahili ndiko tutakakogombana. "Hawakupigana" mimi nimeikata hivi: ha-wa-ku-pig-an-a, mofimu sita. Nilichungulia kwako nikaona tano, "hawa" umeiacha nzima. Hiyo "ha" ni ya ukanushi na "wa" ni ya nafsi, haziwezi kukaa chumba kimoja. Kuhusu "ku" sina uhakika kama nimeieleza vizuri. Nimesema inaonyesha ukanushi wa wakati uliopita. Ukiona vingine niandikie. Tukishindwana tumpelekee mwalimu wote wawili, asije akasema mmoja kamdanganya mwenzake.

Naomba tusahihishe kwa penseli, maana daftari langu likijaa wino mwekundu mama atadhani nimefeli kabla ya mtihani. Palipokosewa piga mstari na uandike kwa nini, jibu sahihi usiliandike. Nikilikuta limeshaandikwa nitalikariri tu, na swali likigeuzwa kidogo nimekwisha. Na usinionee huruma. Ukinipa vema ya urafiki, Novemba hutakuwepo kunipa nyingine.

Kuna kitu kimoja cha haraka. Jumamosi asubuhi napanda gari kwenda Tandahimba kumsaidia bibi kuokota korosho, narudi Jumapili jioni. Msimu hausubiri mtihani, na ada ya mdogo wangu inatoka kwenye mikorosho hiyohiyo. Kwa hiyo tubadilishane kesho saa ya mapumziko, wewe unipe Hisabati na Kiswahili, mimi nikupe Historia na Kiswahili. Yako nitayasahihisha kesho usiku na Ijumaa, mengine nitayamalizia kwa bibi, kuna taa ya sola. Jumatatu kabla ya kengele kila mtu anapata chake. Kama na wewe unalihitaji daftari lako wikiendi, sema, nitanakili maswali niliyoyakusudia nikuachie.

Usimwambie mtu mwingine kwanza. Siyo uchoyo, ila tukiwa sita madaftari yatazunguka mpaka Shangani, na la kwangu limeshawahi kupotea wiki nzima likarudi bila jalada.

Ukikubali, niwekee kipande cha karatasi ndani ya mkebe wangu, uandike "sawa" tu. Ukikataa pia niambie, nitamfuata kaka, ingawa atanicheka mpaka siku ya matokeo. Na ukifika ule ukurasa wa Songea, cheka kimoyomoyo, wavulana wa nyuma wasisikie.

Wako,
Zuhura