Sura ya Mwisho: Barua ya Koko, Ifunguliwe Mwaka 2042

Goma, Desemba 2024

Baraka, mjukuu wangu,

Kama shangazi yako ameshika neno langu, leo umetimiza miaka 20 na umeshasoma sura zote za mbele. Aliyoyaandika ni kweli, nilimsimulia mwenyewe huku akinirekodi kwa simu, ila amenitia utakatifu kidogo. Mimi sikulia nilipouza cherehani. Niliiuza kwa bei nzuri nikafurahi.

Sura hii nimemkataza asiiguse. Naandika kwa mkono wangu. Wewe umelala hapa mkekani, kamasi puani, na mabomu ya upande wa Sake tunayasikia. Sijui siku utakaposoma nani atakuwa anatawala mji huu. Kiwanja kitakuwepo, na habari yangu ni ya kiwanja.

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka, moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani. Tulivyokimbilia Gisenyi umeshasoma. Yaliyofuata shangazi yako hakuyaona, alikuwa bado mtoto, tukamwacha kwa ndugu.

Tuliporudi Murara hapakuwa na mtaa. Palikuwa na jiwe jeusi kupita kimo cha mtu, bado la moto, mvua ikinyesha linafuka kama sufuria ya maharagi. Nyumba, choo, parachichi letu, njia, mipaka, vyote viko chini. Kila mtu akasimama juu anaapa kwamba chini ya miguu yake ni kwake. Watu wa ukoo mmoja walishikana mashati.

Aliyetuokoa ni Mama Furaha, jirani yetu wa kushoto. Alikuwa anauza sambaza, anarudi usiku bila taa, beseni kichwani, na alizoea kuhesabu hatua tangu pembe ya ukuta wa kanisa dogo hadi mlangoni kwake. Pembe ile ilikuwa imebaki, inachungulia katika mawe. Akaazima beseni tupu, akajitwika (bila beseni, alisema, miguu haikumbuki), akaanza kuhesabu kwa sauti. Hatua ya 46 akasimama. «Hapa mlango wangu. Mama Vumilia, wewe uko kulia.» Tukapanga mawe pale pale, na wengine wakapima viwanja vyao kuanzia kwetu.

Babu yako alikuwa amekwisha kufa, na mume wa Mama Furaha hakujulikana aliko. Mbao na mabati vilikuwa ghali, basi tukajenga nyumba moja juu ya mpaka wenyewe: chumba chake, chumba changu, ukuta wa mbao katikati. Mbao zilikuja kwa chukudu, mawe tuliyavunja sisi kwa nyundo, udongo wa lengalenga tukaubeba kwa mifuko. Choo nakiacha. Kuchimba choo kwenye volkano ni kitabu kingine.

Baadaye akahamia Bukavu na watoto. Siku ya meli aliniambia: «Kaa na chumba changu, watoto wakikua watarudi.» Akafia huko. Mpimaji alipokuja, aliikuta nyumba moja na mama mmoja, akaandika jina moja. Nilimweleza, akasema asiyekuwepo haandikwi.

Kwa hiyo karatasi inasema mita 15 za mbele. Mita 7 za kushoto, kuanzia jiwe nililolichora msalaba, ni za watoto wa Mama Furaha. Baba zako wadogo wanaijua karatasi tu, na viwanja vya hapa sasa vinauzwa kwa dola, hata watu wapole wanabadilika sura. Watakuambia karatasi ndiyo inayosema. Uwajibu kwamba mwenye karatasi ni mimi, na mimi ndiye ninayesema. Barua nimekupa wewe kwa sababu katika nyumba hii ni wewe peke yako ambaye bado hujakosana na mtu.

Mtafute Furaha. Namba yake iko nyuma ya daftari la kijani, ndani ya sanduku la bati. Pimeni kiwanja mchana, shefu wa avenyu awepo, na wazee wawili wa Murara wasio wa ukoo wetu. Kila mtu atie saini, usikubali «tutasaini kesho». Akitaka kujenga, jiko letu lisogezwe. Akitaka kuuza, nunua wewe, kwa bei ya siku hiyo. Asikudanganye mtu na bei ya kindugu, hiyo huwa anaitaja mnunuzi.

Chumba kile nimekipangisha. Kodi namtumia Furaha kwa simu, nikitoa pesa ya mabati yakivuja, na kila mwezi umeandikwa katika daftari hilo. Nikifa, shangazi yako ataendelea kuandika. Palipo na duara la wino mwekundu, mpangaji hajalipa. Mdai.

Koko wako,
Mama Vumilia