Kadi za hesabu za dozi: muhadhara wa nne wa famakolojia

Jamani, nimeupunguza muhadhara wa juzi ukawa kadi sita. Ziba jibu kwa karatasi, piga hesabu, kisha fungua. Dozi zilizomo ni za mazoezi. Wodini fuata mwongozo na lebo ya dawa iliyo mkononi. Kanuni moja inabeba karibu kila kitu:

```
mL = (mg unazotaka ÷ mg zilizopo) × mL zilizo na hizo mg
```

Kadi 1. Dozi kwa uzito
Mtoto ana kilo 12. Parasetamo 15 mg/kg kwa mara moja. Sirapu ina 120 mg katika 5 mL.
12 kg × 15 mg/kg = 180 mg. Hapo kg imekatana na kg, imebaki mg: ndivyo inavyotakiwa.
(180 mg ÷ 120 mg) × 5 mL = 7.5 mL
Kosa: kusahau ile × 5 na kuandika 1.5 mL. Mtoto anapata moja ya tano ya dozi, na homa inalaumiwa kuwa sugu.

Kadi 2. "Kwa siku" au "kwa mara"?
Mtoto ana kilo 15. Amoksilini 40 mg/kg kwa siku, igawanywe mara mbili. Sirapu 250 mg katika 5 mL.
15 × 40 = 600 mg kwa siku; 600 ÷ 2 = 300 mg kwa mara.
(300 ÷ 250) × 5 mL = 6 mL asubuhi, 6 mL jioni
Kosa: kutoa 12 mL kila mara. Hesabu yako ni sahihi kabisa, ila umesoma swali vibaya, na kikokotoo hakiwezi kukuambia hilo. Piga mstari chini ya neno "siku" kabla hujashika kalamu ya hesabu.

Kadi 3. Mikrogramu
Dijoksini mikrogramu 125. Vidonge ni vya 0.25 mg.
0.25 mg × 1,000 = mikrogramu 250. 125 ÷ 250 = nusu kidonge
Kosa: kuandika µg kwa mkono. Ikiharakishwa inasomeka mg, yaani mara elfu moja. Andika "mikrogramu" kwa kirefu. Na sufuri: 0.5, si .5, 5 mg, si 5.0 mg. Nukta ikififia, .5 inakuwa 5 na 5.0 inakuwa 50.

Kadi 4. Asilimia na uwiano
Hii ndiyo iliyoniangusha kwenye jaribio, kwa hiyo nimeirefusha.
Asilimia 1 maana yake gramu 1 katika 100 mL: 1,000 mg ÷ 100 mL = 10 mg/mL. Kwa hiyo lidokeini ya 2% ina 20 mg/mL, na 5 mL zake zina 100 mg.
Uwiano: 1:1,000 ni gramu 1 katika 1,000 mL, yaani 1 mg/mL. 1:10,000 ni 0.1 mg/mL.
Adrenalini 0.5 mg ndani ya msuli kwa mtu mzima mwenye mzio mkali: kwa 1:1,000 ni 0.5 mL.
Kosa: kudhani 1:10,000 ndiyo kali zaidi kwa kuwa namba ni kubwa. Ni kinyume, ni nyepesi mara kumi. Mimi niliandika 2% kuwa 2 mg/mL, nikavuta mara kumi ya dozi. Bahati nzuri ilikuwa karatasini.

Kadi 5. Dawa ya poda
Benzilipenisilini yuniti 1,000,000. Poda yenyewe inachukua nafasi ya 0.4 mL. Ukitia maji 1.6 mL unapata 2 mL, yaani yuniti 500,000 kwa kila mL.
Mtoto wa kilo 6, yuniti 50,000/kg: 300,000 ÷ 500,000 = 0.6 mL
Kosa: kutia maji 2 mL. Jumla inakuwa 2.4 mL, na 0.6 mL yako sasa ina yuniti 250,000 tu. Kosa la pili: kufupisha yuniti kwa herufi U, ambayo husomeka kama sufuri.

Kadi 6. Dripu
1,000 mL kwa saa 8, mpira wa matone 20 kwa mL.
Saa 8 × dakika 60 = dakika 480. (1,000 × 20) ÷ 480 = 41.7, sawa na matone 42 kwa dakika
Kosa: kugawanya kwa 8 na kupata matone 2,500 kwa dakika. Jaribu kuyahesabu.
Mpira wa watoto mara nyingi ni matone 60 kwa mL, hivyo soma pakiti yake. Kwa mpira huo, mL kwa saa na matone kwa dakika ni namba ileile: 30 mL kwa saa ni matone 30 kwa dakika.