YAH: KUKUMBUSHIA OMBI LA CHETI CHA UTUMISHI

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Rejea barua pepe yangu ya 3 Machi, ambayo bado haijajibiwa. Nilikuwa mtunza ghala, namba ya ajira 0417, kuanzia 4 Februari 2019 hadi 29 Novemba 2024.

Naomba cheti chenye cheo, tarehe hizo, sahihi na mhuri. Mshahara na sababu ya kuondoka si lazima vitajwe. Mwajiri mpya anakihitaji kabla ya 28 Machi, na hapokei hati za mshahara badala yake. Nimeambatisha rasimu, mkataba na barua ya kukubaliwa kujiuzulu, msihangaike kutafuta jalada. Kwa sasa nakala iliyoskaniwa inatosha. Halisi nitaifuata mwenyewe mapokezi. Nitapiga simu Jumatano saa 4 asubuhi.

Natanguliza shukrani,
Aliyekuwa mtunza ghala, 0417