Salamu za kipindi cha kwanza: Kanuni za Uchumi, mwaka wa kwanza, Mtwara

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo? Ah, hiyo ni sauti ya watu waliokosa chai. Hamjambo? Haya, hapo sawa. Kaeni. Na ninyi mliosimama mlangoni ingieni, viti vya mbele having'ati.

Karibuni Mtwara, karibuni Kanuni za Uchumi. Naomba dakika moja kabla ya somo. Dakika ya mwalimu mnaijua ilivyo, lakini nitajitahidi.

Poleni na safari. Humu kuna waliotoka Newala wakafika kabla ya chakula cha mchana, na kuna waliotoka Kagera ambao hadi leo miguu imevimba. Kuna ambao mkopo umeshaingia, na kuna ambao kila jioni wanashika simu kuangalia kama jina limetoka. Ninyi wa kundi la pili, msijifungie chumbani. Nendeni kwa mlezi wa wanafunzi, mkikwama njooni kwangu. Mlangoni kwangu siulizi risiti.

Jina langu liko kwenye ratiba. Niiteni Mwalimu, inatosha.

Najua wengine mmeshatishwa na somo hili: michoro, hesabu. Vipo, sitawadanganya. Lakini huu ni mwezi wa Novemba, minada ya korosho inaendelea. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghalani, yeye anabaki na stakabadhi mkononi. Anasubiri mnada, kisha anasubiri malipo. Sasa rudini nyuma kidogo, kabla ya msimu, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inachanua. Anakuja mtu wa kangomba. Nyumbani kuna mgonjwa, au mtoto anatakiwa shule na sare hana. Mkulima anauza korosho ambazo hata hazijaanguka, kwa bei anayojua fika kwamba inamuumiza. Serikali inakataza, yeye anauza usiku. Kwa nini?

Muhula mzima tutakuwa tunalijibu swali hilo. Bei imo, riba imo, hatari imo, thamani ya pesa ya leo na ya kesho imo. Atakayeniandikia kwamba mkulima huyo ni mjinga nitampa sifuri, tena kwa tabasamu. Wenyeji wa Tandahimba na Masasi, hapo ninyi mtanifundisha. Mliotoka mbali, leteni ya kwenu: kahawa, pamba, dagaa.

Na mnibishie. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake. Wataalamu walikuwepo, fedha zilikuwepo. Reli ikajengwa, na bandari hii yetu ya Mtwara ikajengwa ili karanga zipate pa kutokea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli iling'olewa baadaye, bandari ndiyo hiyo bado iko pale. Wale hawakuwa watu wasiosoma. Kwa hiyo mkinisikia nasema jambo lisilofanana na mliyoyaona kwa macho yenu, nyoosheni mkono hapohapo.

Kiingereza kikikwama, uliza kwa Kiswahili, tutakitafuta Kiingereza chake pamoja. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mazoezi tutayafanya humu humu, bila aibu. Mimi si mwepesi wa hasira, ila nikisikia mtu anamcheka mwenzake aliyeuliza, siku hiyo mtaniona mwingine.

Mengine ni ya kawaida. Tunaanza saa mbili kamili. Mvua ikinyesha nawasubiri dakika kumi, bodaboda za huku nazijua. Ukichelewa zaidi ya hapo ingia tu, simfukuzi mtu, lakini ingia kimya. Kazi za muhula zina alama 40, mtihani wa mwisho 60. Kwenye kazi za kikundi, asiyefanya jina lake lisiandikwe. Hapo msioneane huruma, maana huruma hiyo huwa inaishia kwenye ugomvi wiki ya mitihani. Na yale madesa mtakayouziwa na kaka zenu wa mwaka wa pili, mengine niliyaandika mimi mwenyewe, na maswali nimeshabadilisha.

Ofisini napatikana Jumanne na Alhamisi mchana. Njooni hata kabla hamjafeli.

Haya, daftari wekeni pembeni. Toeni karatasi moja, andika jina lako, ulikotoka, na kitu kimoja ambacho bei yake imewahi kukushangaza, iwe ilipanda au ilishuka. Wewe dada wa kiti cha mwisho pale, mwenye mtandio wa kijani, utatukusanyia. Mna dakika tatu, kisha tutasoma chache kwa sauti na kuanzia hapo.