Sufuria Sita

"Biriani," mama alisema. "Mwanangu wa kwanza huyu anaolewa. Watu hawatakuja kwangu kula pilau kama wamekuja hitimani."

Bi Khadija alikirudisha kikombe cha kahawa sahanini bila kukigusa mdomo. "Kwetu Langoni pilau ndiyo heshima. Biriani yenu hiyo, wali mbali, masala mbali, utadhani mke na mume waliogombana."

Nilikuwa nimeketi dakani na sinia ya asumini, namsaidia bibi kutunga. Dada yangu Salma alikuwa chumbani, najua alikuwa analia. Yeye na Athmani, kijana wa kina Bi Khadija, walipendana bila kukumbuka kwamba ukoo wetu wa Mkomani na ukoo wao hazikuwa zikipeana hata salamu ya sikukuu. Kabla sijazaliwa, mashua yetu na yao ziligongana kwenye boya siku ya mashindano ya Maulidi. Kila upande una mashahidi wake hadi leo.

Bibi Mwanaesha alikuwa kimya tangu alasiri. Wote walimtazama yeye: mama akitegemea mkwewe atamuunga mkono, Bi Khadija akikumbuka kwamba bibi alizaliwa Langoni.

"Wageni wangapi?" aliuliza, macho kwenye sindano.

"Mia nne," mama alijibu.

"Mtawapikia kwenye nini?"

Mama alinyamaza. Sufuria kubwa sita zipo kwetu, zimejaa vumbi ghalani. Mababu walizinunua kwa shirika, zikapikia harusi za pande zote mbili. Baada ya ule ugomvi sisi tukabaki na sufuria, wao wakachukua mifuniko.

"Pilau haiivi bila makaa juu ya mfuniko," bibi alisema. "Biriani nayo ukiiacha wazi, wali unakauka. Miaka yote hii mnapika kwa kuazima, nami naona haya." Alifunga fundo, akakata uzi kwa meno. "Zuhura, wewe utapika pilau, waile wageni wa Langoni. Khadija, utapika biriani, waile wageni wa Mkomani. Na hakuna sufuria itakayopakuliwa kabla kila mmoja hajamwonjea mwenziwe chumvi."

"Mimi sijui pilau yao, mama," mama alisema, sauti imeshuka.

"Utaulizia."

Alfajiri ya siku ya nikahi punda alisimama mlangoni petu, mifuniko sita mgongoni, inagongana kila anapotikisa masikio. Bi Khadija alikuja nyuma yake na kifurushi cha bizari nyembamba aliyoisaga mwenyewe. Alimpa mama bila neno. Mama alikifungua, akanusa, akafumba macho.

Mchele ulipokauka maji, mama alichukua mfuniko wa kwanza. Ulikataa kukaa, ukingo ulikuwa umepinda. Bi Khadija alishika upande wa pili, wakauzungusha pamoja kidogo kidogo mpaka ukazama mahali pake.

"Makaa," alisema Bi Khadija.

Mama akampa koleo.